Hodi ya sekunde tatu

Nikipanda gari kutoka Masasi kwenda Newala hupenda kiti cha nyuma, na siku hizi nimejikuta nikiangalia vidole gumba vya abiria wenzangu. Milima ya mawe ya Masasi ikishabaki nyuma na gari likaanza kuupandia uwanda wa Makonde, simu hutoka mifukoni. Kidole kinasukuma juu, video inatokea, kidole kinasukuma tena. Nimehesabu moyoni mara nyingi: moja, mbili, tatu, imeondoka. Mara mojamoja kidole husita, kikabaki kinaelea juu ya kioo, na uso wa mwenye simu ukabadilika. Pale kidole kiliposita, kuna mtu mahali fulani alichagua vizuri sentensi yake ya kwanza.

Huku kwetu sasa kila mtu anarusha hizi video fupi za kusimama wima: mbanguaji wa korosho, fundi cherehani, mwenye duka la pembejeo, kwaya ya kanisani, mwalimu wa madrasa. Wengi kazi yao ni nzuri na hakuna anayeifikia, kwa sababu mlango umewashinda. Vijana wa mtandaoni huiita sentensi hiyo ya kwanza ndoano. Neno hilo silipendi, maana mtazamaji si samaki. Mimi naiita hodi, na msimamo wangu ni huu: sentensi ya kwanza ya video fupi ina kazi ya hodi na inadaiwa adabu ya hodi. Asiyebisha hodi hasikilizwi. Na anayebisha hodi ya uongo anamwibia mwenye nyumba.

Salamu huja baada ya karibu

Nina binamu yangu Newala anayebangua korosho nyumbani na kuwauzia watu wa Dar es Salaam. Mzigo anautuma kwa basi. Msimu uliopita alinionyesha video yake moja, akaniuliza kwa nini haitazamwi. Ilianza hivi: “Habari zenu wapendwa wangu, natumaini mu wazima wa afya. Kwa majina naitwa mama fulani, napatikana Newala mkoani Mtwara, na leo nimewaletea…” Nikahesabu. Neno korosho lilitajwa sekunde ya kumi na mbili. Kwa mwendo wa vile vidole vya kwenye basi, mtazamaji alikuwa ameshapita video nyingine tatu.

Nilimwambia salamu ikae baadaye. Bibi yetu, aliyekuwa pembeni akichambua mboga, akanikatiza: “Unaanzaje kuongea na watu hujawasalimia? Nani amekulea hivyo?”

Swali la bibi si dogo. Mswahili amefundishwa kwamba mazungumzo yasiyoanza na salamu ni ya shari au ya dharura, ndiyo maana wengi wetu tukiwekewa kamera mbele tunaanza kuulizia afya za watu. Lakini tujiulize, mgeni akifika uani kwetu, neno lake la kwanza ni lipi? Si salamu. Ni hodi. Anabisha kwanza, anasikilizia, akiambiwa karibu anaingia, na hapo ndipo shikamoo na habari za watoto zinapopata mahali pake. Ukimkuta mtu amesimama barabarani anakuulizia hali ya mgonjwa wako bila kubisha, utamwona mtu wa ajabu. Mwenye simu ndani ya basi hajasema karibu. Bado yuko ndani, mlango umerudishwa, na nje wanabisha watu mia.

Wapo wanaolijua jambo hili bila kufundishwa na mtandao. Mwangalie muuza korosho wa stendi basi linaposimama. Ana muda wa abiria mmoja kushuka na mwingine kupanda. Hamsalimii aliye dirishani. Ananyanyua mfuko hadi usawa wa kioo, uonekane kabla ya uso wake, na anatamka kitu kimoja tu: korosho za leo, au bei, au kipimo. Abiria akigeuza shingo, hapo ndipo utasikia “Habari ya safari, mama?” Amebisha kwa bidhaa, amesalimia baada ya kukaribishwa. Si mkosefu wa adabu hata kidogo.

Kilo tano ndani ya kilo moja

Tukakaa mimi na binamu kuitafuta hodi yake. Nilimuuliza ana nini cha kusema. Akasema korosho zake ni tamu, safi, za Newala halisi. Nikamwambia nionyeshe muuzaji anayesema za kwake ni chungu. Sentensi ambayo kila mshindani wako anaweza kuitamka haisimamishi kidole, kwa kuwa mtazamaji ameshaisikia kabla hujamaliza.

Basi nikambadilishia swali: katika kazi yako, ni kitu gani mla korosho wa mjini hakijui? Akafikiri, kisha akalalamika. “Wananiambia naringa, nauza ghali. Kaka, hawajui kilo moja hii imekula kilo ngapi.”

Sentensi tuliyokuwa tukiitafuta ilikuwa ndani ya lalamiko hilo. Korosho ghafi, ile yenye ganda, ukiikaanga, ukaipasua, ukaikausha na kuimenya ngozi ya ndani, inabaki sehemu ndogo sana ya uzito wake. Kwa kawaida kilo nne hadi tano za ghafi hutoa kilo moja ya kuliwa, kutegemea ukubwa wa mbegu na ubora wake. Zake zilikuwa za mwisho wa msimu, ndogondogo. Hatukukisia. Tulipima kilo tano, akabangua, tukapima tena: kilo moja na konzi ya juu. Tulipima kwa sababu hodi yenye namba ni lazima isimame mbele ya mzani. Mmakonde mmoja tu akiandika chini ya video kwamba hesabu si ya kweli, kazi yote imeharibika.

Tukaandika mistari minne mitano kwenye daftari la mtoto. Ya mwanzo ilikuwa mirefu: “Watu wengi hawajui kwamba ili kupata kilo moja ya korosho zilizobanguliwa unahitaji takribani kilo tano za korosho ghafi.” Ukweli mtupu, na haisomeki kwa sekunde tatu. Maneno yetu ni marefu. Kitenzi kimoja cha Kiswahili kinabeba mtendaji, wakati na mtendwa, kwa hiyo ukihesabu maneno utajidanganya. Hesabu silabi. Hapo nikakumbuka mizani ya mashairi. Mshororo wa kawaida wa shairi la Kiswahili una mizani kumi na sita, nane ukwapi na nane utao. Jaribu kuutamka mshororo mmoja kwa sauti ya kawaida huku ukitazama saa, utakuta unatoka ndani ya sekunde tatu hivi. Malenga walitupimia urefu wa pumzi moja karne nyingi kabla ya simu.

Tukapunguza, tukapunguza, tukafika hapa: “Kilo hii ya korosho ilikuwa kilo tano.”

Zihesabu mwenyewe, ni nane na nane. Sisemi kila hodi ifike kumi na sita kamili kama mtihani wa ushairi. Nasema ikizidi ishirini, mtamkaji ataanza kukimbiza maneno na msikilizaji atayakosa. Ile nusu ya kwanza inataja kitu kilicho mbele ya macho. Nusu ya pili inakitia kasoro, inamfanya mtu aseme “Kivipi?” Ndivyo kitendawili kilivyojengwa. Mtegaji hakufichi kitu chenyewe, anakitaja kwa sifa zake zote waziwazi, na kinachofichwa ni jibu peke yake. Linganisha na hodi inayopendwa sana mtandaoni: “Hutaamini nilichokiona leo!” Hapo kilichofichwa ni kitu chenyewe. Mtu hajategewa chochote, ameombwa tu asubiri.

Sentensi peke yake haibishi. Video ya awali ilianza na uso wa binamu, nyuma yake pazia, simu ikitikisika kabla hajaiegemeza vizuri. Tukaanza upya na picha ya vitu viwili kwenye jamvi: upande mmoja lundo la korosho ghafi, mwingine mfuko mdogo wa nyeupe. Mkono unaingia na kuuweka mfuko juu ya mzani wakati huohuo neno “kilo” linatamkwa. Tukakata ile pumzi anayovuta mtu kabla ya kusema, maana nusu sekunde ya kimya kwetu ni ndogo, kwa kidole ni kubwa.

Maneno yaleyale tukayaandika kwenye picha, kwa kuwa wengi hutazama bila sauti: wako kazini, wako kwenye basi, mtoto amelala. Hapa wengi hukosea mahali pa kuyaweka. Chini ya kioo programu huweka jina la mwenye video na maelezo yake, na ukingo wa kulia hukaa moyo na alama nyingine za kubonyeza. Ukiandika huko, maneno yako yanafunikwa. Yaweke juu ya katikati, herufi nene, mistari miwili isizidi, na yakae mpaka uweze kuyasoma mara mbili kwa sauti bila haraka. Kabla ya kurusha, mpe jirani simu ikiwa imezimwa sauti, aitazame sekunde tatu, umnyang'anye. Muulize inahusu nini. Akisema “korosho” tu, hodi haijatosha. Akisema “mbona kilo tano?”, rusha.

Jambo jingine tulilojifunza siku ile: sentensi ya kwanza iandikwe mwisho. Binamu alikuwa akibuni mwanzo kwanza, halafu anatafuta picha za kuufuata, ndiyo maana mwanzo wake uliahidi vitu ambavyo video haikuwa navyo. Safari hii tulipiga picha kazi yote kwanza. Alionyesha kikaango motoni, mikono iliyopakwa majivu ili mafuta ya ganda yasiiunguze, ngozi nyekundu ya ndani inavyotoka, na mwisho kuchambua nzima huku na vipande kule. Tulipojua tuna nini ndipo tukaitunga hodi, na akaitamka mara sita mfululizo. Tukachukua ya nne. Ya kwanza alikuwa anasoma, ya sita alikuwa amechoka.

Kujua mlango ulifungwa wapi

Wanaorusha video wengi hutazama idadi ya waliotazama, na idadi hiyo inadanganya kuliko inavyosaidia. TikTok huhesabu mtazamo mara video inapoanza kucheza, hata kama mtu amepita mbio. Chenye maana ni ule mchoro wa mstari ulio ndani ya takwimu za kila video, unaoonyesha watu wamebaki wangapi sekunde hadi sekunde. Kila mstari hushuka, hakuna video isiyokimbiwa. Cha kuangalia ni unaporomokea wapi.

Tuseme kati ya kila watu kumi, sita wameondoka kabla ya sekunde ya tatu. Hapo ugonjwa uko kwenye hodi, usihangaike na kingine. Lakini kama wanane walibaki sekunde ya tatu, halafu wakamwagika sekunde ya sita, hodi ilifanya kazi na wewe mwenyewe umewakaribisha ndani kisha ukawaacha wima bila kiti. Mara nyingi hapo ndipo mtu alipoingiza ile salamu ndefu aliyoikosa mwanzoni, au alipoanza kujisifu. Jibu la kitendawili lianze kuonekana mara baada ya swali, lakini likamilike mwishoni. Kikaango kionekane sekunde ya nne, mzani wa mwisho usubiri.

Tena soma wanachoandika watu chini. Hodi ya mfanyabiashara haipimwi kwa vicheko. Binamu aliwahi kuwa na video iliyochekesha, ikatazamwa kuliko zote, na hakuna aliyeuliza bei. Kwa nini? Kwa sababu hodi yake ilimwita mpenda vichekesho, haikumwita mla korosho. Hii ya kilo tano iliwaleta watu wachache zaidi, wakiuliza maswali mawili: nzima shilingi ngapi, na unatuma kwa basi gani?

Hodi ya mwizi

Hapa ndipo moyo wangu uliposimama hasa, na ndipo ninapotaka msomaji akae nami.

Korosho kwetu ni ada ya shule, ni bati la nyumba, ni deni la dukani. Zinauzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka AMCOS, chama kikuu kinapeleka mnadani, TANECU kwa upande wa Newala na Tandahimba, MAMCU kwa Masasi na Mtwara, na fedha zinafuata baadaye. Kati ya kupeleka na kulipwa kuna siku za kusubiri, na siku hizo tumbo halisubiri. Hapo huzunguka watu wa kangomba, wanaonunua kimyakimya kwa bei ya kutupa kabla mkulima hajafika ghalani.

Sasa fikiria video inayobisha hodi: “Bei ya korosho yaporomoka!” Picha ni ya wakulima wakipiga kelele mnadani. Haina tarehe. Haina jina la mnada. Ukiitazama vizuri utakuta ni kelele za Oktoba 2018, wakulima walipozikataa bei za wanunuzi, hadi mwezi uliofuata Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaitwa kubeba. Kwa aliyetengeneza, ni sekunde tatu zilizofanikiwa, vidole vimesita. Kwa mjane mwenye magunia manne sebuleni, ni sababu ya kumwita mtu wa kangomba usiku huohuo. Nani atamrudishia tofauti?

Kwa hiyo nasema bila kusitasita: hodi yoyote inayotaja bei, ugonjwa au dawa ibebe tarehe na mahali ndani ya sentensi yenyewe, si kwenye maelezo ya chini ambayo hakuna anayeyafungua. “Mnada wa leo Newala: bei ya juu na ya chini.” Sentensi hiyo haikupoteza mvuto, kila mwenye gunia atasimama kuitazama. Imepoteza tu uwezo wa kudanganya msimu ujao.

Salfa nayo ina mkasa wake. Mkorosho wetu unasumbuliwa na ubwiriunga, na mkulima anaupulizia salfa ya unga. Nimeona hodi ya kutisha, kwamba salfa inaua mikorosho. Ndani ya video, ukivumilia, msemaji anaeleza tu kwamba salfa ikipulizwa ovyo inapotea bure. Lakini waliokimbia kwenye sekunde ya tatu wameondoka na neno “inaua” peke yake. Kumbuka hilo: wengi wa wanaokuona watabaki na hodi yako tu, kwa hiyo ni lazima iwe kweli hata ikisimama yenyewe. Mwenye duka la pembejeo aliyekuwa na nia njema angeweza kusema, “Ukipuliza saa nne, salfa inalisha upepo.” Hiyo ni kweli, maana kazi hiyo hufanywa alfajiri, umande ukiwa majanini na upepo haujaamka. Inamgusa mkulima mfukoni, kwa kuwa mfuko ameununua. Na aliyepita baada ya sekunde tatu ameondoka na jambo la kumfaa.

Kuna hodi nyingine inayoniuma kwa namna tofauti, ile ya wageni wanaokuja uwandani kutupiga picha. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi akapanda hadi Newala akiwa na kamera ya filamu na mashine ya kunasa sauti kwenye mitungi ya nta. Bibi zetu wenye ndonya na chale wakaingia kwenye picha ambazo hawakuchagua zianzie wapi. Leo bado naona video zinazoanza na uso wa bibi kizee mwenye chale, umesogezwa karibu, na maandishi ya kuhoji huyu ni mtu wa namna gani. Kidole kinasita, ndiyo. Lakini mlango uliobishwa si wa mtazamaji peke yake. Bibi yule naye alikuwa na mlango wake, na hakuna aliyesema hodi.

Tofauti ya sasa ni kwamba kamera iko mkononi mwa binamu yangu. Yeye ndiye anayeamua picha ya kwanza iwe mzani, na mikono yake yenye majivu ionekane ikifanya kazi.

Video ilipokamilika tulimchezea bibi. Aliitazama akiwa ameiweka simu mbali na macho kama anavyoshika Biblia. Mfuko ukawekwa mzanini, kilo hii ilikuwa kilo tano, kikaango, majivu, ganda likapasuka. Kisha, kwenye sekunde ya tisa, binamu akanyanyua uso kutoka kwenye kazi, akatazama kamera na kusema, “Karibuni jamani. Habari zenu?”

Bibi akaijibu simu: “Nzuri, mwanangu.” Akaendelea kutazama mpaka mwisho, kisha akauliza zile kilo nne nyingine zimekwenda wapi.